Alama ya Kuuliza Juu ya Irabu: Kivietinamu Kilivyopata Kofia na Nukta Zake

Mwaka 1624 padri Mjesuti Alexandre de Rhodes, mzaliwa wa Avinyoni, alifika Vietinamu akasikia wenyeji wakizungumza. Masikioni mwake yakawa kama milio ya ndege, akakaribia kukata tamaa. Aliyemtoa gizani, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mtoto wa kiume wa huko aliyemfundisha toni zote kwa majuma matatu, ingawa wawili hao hawakuwa na lugha ya kuelewana.

Wavietinamu walikuwa na maandishi tayari, ya Kichina na ya Nôm yaliyotungwa kwa mfano wa Kichina. Wamisionari walitaka kitu chepesi kwao wenyewe. Mreno Francisco de Pina alitangulia kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kilatini, wenzake Amaral na Barbosa wakakusanya maneno, na de Rhodes akajenga juu ya kazi yao kamusi iliyopigwa chapa Roma mwaka 1651. Sifa zote akazipata yeye, jambo ambalo si haki sana.

Herufi za Kilatini zilipungukiwa mara mbili: irabu hazikutosha, na toni hazikuwa na pa kuandikwa. Ndiyo maana leo herufi moja huweza kubeba alama mbili. Anayeanza huziona zimerundikana akadhani ni mapambo, kumbe kila moja ina kazi yake. Basi soma kwa awamu mbili: kwanza irabu, kisha toni.

Chukua maneno matatu: phó, phố, phở. Herufi ph ni sawa na f yetu. La kwanza lina o iliyo wazi, mdomo umepanuka. La pili limevaa kofia, na Wavietinamu wenyewe huiita mũ, yaani kofia. Hiyo ni o iliyofumbwa zaidi. La tatu lina kindoano ubavuni mwa herufi: ulimi ni kama wa ô, ila midomo haiviringwi. Kiswahili hakina irabu hiyo. Sema “ô” mbele ya kioo, kisha tandaza midomo bila kusogeza ulimi.

Sasa awamu ya pili. Mkwaju ulioinama juu ya phó na phố ni toni sắc: sauti inapanda. Kialama kilichopinda juu ya phở ni toni hỏi: katika matamshi ya Hanoi, sauti inashuka, na neno likisemwa peke yake kwa uangalifu huinuka tena. Neno la kwanza ni naibu, la pili mtaa, la tatu ile supu ya tambi.

Hỏi maana yake ni kuuliza, na alama yake ilitokana na alama ya kuulizia. Nyingine wamisionari waliziazima kwenye maandishi ya Kigiriki waliyosomea, hata nukta ya chini, iliyotokana na iota ndogo inayoandikwa chini ya irabu. Raha ya majina haya ni kwamba kila toni imeandikwa ndani ya jina lake: huyền inashuka taratibu, sắc inapanda, ngã inapanda huku ikikatika kooni, nặng inazama na kukatwa ghafla. Ngang haina alama, nayo hukaa sawa, juu kidogo kuliko wageni wengi wanavyoiweka. Mkatiko wa ngã tunao: ni ule wa katikati ya “a-a!” tunapokataa jambo. Kusini hutousikia, kwani huko hỏi na ngã zimekuwa toni moja, ijapokuwa tahajia bado inazitenga.

Kosa letu sisi Waswahili liko kwingine. “Umekula” na “umekula?” tunavitofautisha kwa kiimbo tu, kwa hiyo tukiuliza hupandisha sauti mwishoni. Ukiuliza hivyo kwa neno ma, yaani mzuka, mwenzako atasikia má, shavu. Kivietinamu huuliza kwa maneno, mara nyingi kwa kuweka không mwishoni, nalo ni la toni ngang: liache palepale.

Tahajia pia hukusaidia kujikagua. Mwaka 1954 Mfaransa André Haudricourt alieleza kwamba toni hizi zilizaliwa konsonanti za mwisho wa maneno zilipofifia. Alama ya zamani hizo imebaki: silabi inayoishia kwa p, t, c au ch hubeba sắc au nặng tu. Ukiona Viêt bila nukta chini, ujue mwandishi amesahau, ni Việt.

Na kwenye kibodi, mtindo wa Telex, uliorithiwa kutoka enzi za telegramu, hugeuza alama kuwa herufi: w kwa kindoano, r kwa hỏi, j kwa nặng. Andika `phowr` upate phở, `Vieejt` upate Việt. Awamu ni zilezile mbili: irabu kwanza, toni baadaye.