Lango chaguomsingi: mlango wa kuingilia kwenye ruta

Ukitaka kubadili nenosiri la Wi-Fi, unafungua kivinjari na kuandika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Siku ukurasa unapogoma kufunguka, wengi huamua ruta imekufa na kubonyeza kitufe cha kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Ruta nyingi zinazofutwa hivyo hazikuwa na ubovu wowote. Kilichokosekana ni kuelewa istilahi moja: lango chaguomsingi.

Lango, katika fani ya mitandao, ni kifaa ambacho kompyuta yako hukikabidhi kila ujumbe unaokwenda nje ya mtandao ilimo. Ujumbe wa kwenda kwenye printa ya chumba hichohicho haupiti langoni, kwa sababu kompyuta inaifikia printa moja kwa moja. Ujumbe wa kwenda kwingine, kompyuta isikojua njia yake, huupeleka langoni. Hiyo ndiyo maana ya neno chaguomsingi hapa: njia inayotumika pale ambapo hakuna njia mahususi iliyotajwa. Neno hilo limeshazoeleka kwenye simu na kompyuta zilizowekewa Kiswahili, na linafaa kwa maandishi. Kasoro yake ni kwamba linamfanya msomaji adhani kuna jambo amelichagua. Katika mazungumzo na wateja napendelea kusema lango la kutokea, kwa kuwa linataja kazi yenyewe.

Tafsiri hii ina faida kwa mwenye shida. Lango huwa la mtandao fulani, na mtu hutokea kwenye lango la mahali alipo. Kwa hiyo anwani iliyobandikwa kwenye ruta si ya kudumu kama namba ya chasisi ya gari. Inaonyesha ruta ilivyopangwa ilipotoka kiwandani. Lango lako la sasa unaliuliza kutoka kwenye kompyuta yako. Katika Windows fungua dirisha la amri, uandike:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari wa `Default Gateway` chini ya kadi unayoitumia, ya Wi-Fi au ya kebo. Katika Linux amri ni `ip route`, na jibu liko kwenye mstari unaoanza na neno `default`. Kwenye simu, gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, kisha usome maelezo yake. Namba utakayoipata ndiyo ya kuandika kwenye kivinjari, ikitanguliwa na `http://`. Ikiwa mstari huo ni mtupu na anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, basi kompyuta haijapewa anwani na ruta yoyote. Anza na kebo au muunganisho wa Wi-Fi kabla ya kingine chochote.

Malango mawili kwenye njia moja

Chukua nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Mapokezi kuna kisanduku cha faiba kilichofungwa na mtoa huduma, anwani yake 192.168.1.1. Mwenye nyumba akanunua ruta ya pili kwa ajili ya vyumba vya juu, akachomeka kebo kutoka kwenye kisanduku cha faiba hadi tundu la `WAN` la ruta mpya. Kibandiko cha ruta mpya nacho kinasema 192.168.1.1. Intaneti ikafika juu bila shida. Jioni akaketi ghorofani, akaandika anwani ya kibandiko na nenosiri la kibandiko, na ukurasa ukamkatalia. Akarudia mara kadhaa hadi ukurasa ukajifunga kwa muda.

Nenosiri lilikuwa sahihi, ila alikuwa analipeleka kwenye kisanduku kingine. Ruta haiwezi kuwa na mtandao wenye namba zilezile upande wa ndani na upande wa nje, kwa sababu isingejua ujumbe wa 192.168.1.x iupeleke wapi. Baadhi ya ruta zikigundua mgongano huo hujibadilisha zenyewe upande wa ndani, kwa mfano kuwa 192.168.0.1, bila kumwambia mtu. Anayeandika 192.168.1.1 akiwa juu anatoka kupitia ruta mpya na kuishia kwenye ukurasa wa kisanduku cha mapokezi. Angetazama kwa makini angeona hata nembo juu ya ukurasa si ya ruta aliyoinunua.

Namna ya kulithibitisha jambo hili ni kuorodhesha malango ambayo ujumbe unayapitia:

```
tracert -d 8.8.8.8

1   192.168.0.1
2   192.168.1.1
3   100.70.0.1
```

Hapa nimeacha safu za muda ili mistari isomeke vizuri. Mstari wa kwanza ndio lango lako, yaani ruta ya juu. Wa pili ni kisanduku cha mapokezi. Wa tatu tayari uko kwa mtoa huduma, kwani anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa mitandao ya watoa huduma. Mistari miwili ya mwanzo ikiwa na anwani za 192.168, ndani ya nyumba mna malango mawili, na mwenye nyumba sasa anajua ni ipi ya kuandika kwa kila kisanduku.

Kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Kutoka juu unaweza kufika kurasa zote mbili, kwa kuwa ruta ya juu inajua kutoka kwenda mapokezi. Ukikaa kwenye Wi-Fi ya mapokezi, 192.168.0.1 haitafunguka. Kisanduku cha faiba hakijui kuwa mtandao huo upo nyuma ya ruta ya pili, na ruta yenyewe kwa kawaida hairuhusu ukurasa wake wa usimamizi kufunguliwa kutokea upande wa `WAN`. Zuio hilo ni la usalama na liachwe lilivyo. Ukitaka kuihudumia ruta ya juu, jiunge na Wi-Fi yake au chomeka kebo kwenye moja ya matundu yake ya `LAN`.

Hali huwa tofauti ikiwa fundi aliitumia ruta ya pili kusambaza Wi-Fi tu: kebo imechomekwa kwenye `LAN` na kazi ya kugawa anwani imezimwa. Hapo ruta hiyo si lango la mtu yeyote, na `tracert` haitaionyesha. Inaweza kuwa imebaki na 192.168.0.1 ilhali nyumba nzima iko kwenye 192.168.1.x. Kompyuta ikiulizwa 192.168.0.1 inaona ni anwani ya nje, inaupeleka ujumbe kwa kisanduku cha faiba, na ujumbe unapotelea huko. Dawa ni kuiunganisha kompyuta kwa kebo na ruta hiyo, kisha kuipa kwa mkono anwani ya jirani, kama 192.168.0.50, na barakoa ya mtandao 255.255.255.0. Sehemu ya lango iache wazi. Ukurasa ukifunguka, ibadilishe anwani ya ruta iwe ya mtandao wa nyumba, mathalani 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba kisanduku cha faiba hakiigawi namba hiyo kwa vifaa vingine. Mwisho irudishe kompyuta kwenye kupokea anwani yenyewe, la sivyo itakosa intaneti.

Wakala anapoingilia kati

Kizuizi cha pili kinawakuta zaidi wanaotumia kompyuta za kazini. Humo huwa mmewekwa proksi, ambayo watafsiri wengine huiita seva mbadala. Mimi nashika seva wakala. Mbadala hushika nafasi ya kingine, ilhali proksi haishiki nafasi ya seva yoyote. Ni wakala, anatumwa na kivinjari kwenda kuomba ukurasa kwa niaba yake, naye anaomba akiwa pale aliposimama yeye. Ukilielewa neno wakala, umeshaelewa kwa nini ukurasa wa ruta haufunguki. Kivinjari kimemtuma mtu aliye makao makuu akatafute 192.168.1.1, na huko aliko ruta yako haipo.

Anwani za 192.168, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa mitandao ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996. Maelfu ya nyumba na ofisi zinazitumia zilezile kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wakala ama hatapata kitu, ama atakuletea ukurasa wa kifaa cha kwao.

Dalili zake zinatambulika. Andika `ping` ikifuatiwa na anwani ya lango. Amri hiyo haipiti kwa wakala. Lango likijibu huku kivinjari kikileta kosa, mshuku wakala. Lisome pia tangazo la kosa: likiwa na jina la seva ya ofisi, au msimbo kama 502, 503 au 504, basi huenda kuna seva ya katikati iliyolijibu ombi. Uthibitisho ni kuomba ukurasa bila kumpitia:

```
curl --noproxy "*" -I http://192.168.1.1
```

Ikirudi mistari inayoanza na `HTTP`, ruta ni nzima na njia iko wazi.

Katika mipangilio ya proksi ya Windows kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachosema `Don't use the proxy server for local (intranet) addresses`. Watu hukitia tiki wakidhani kazi imekwisha, na ukurasa unaendelea kugoma. Kinachohesabiwa hapo kuwa cha ndani ni majina yasiyo na nukta, kama `printa`. Anwani 192.168.1.1 ina nukta tatu, hivyo bado inapelekwa kwa wakala. Yapasa kuitaja waziwazi kwenye orodha ya anwani zisizopitia proksi, na vitengo vikitenganishwa kwa nukta-mkato:

```
192.168.*;10.*
```

Firefox ikiwa na mipangilio yake yenyewe ya proksi, sehemu ya `No proxy for` inapokea `192.168.0.0/16`. Kama mipangilio imefungwa na idara ya teknolojia ya kazini kwako, usihangaike kuivunja. Chukua simu, jiunge na Wi-Fi ya ruta hiyo, ufungue ukurasa kutoka hapo.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi moja. Mkimaliza kufunga ruta ya pili, bandikeni juu yake karatasi yenye anwani yake ya sasa na jina la Wi-Fi au tundu ambalo mtu anapaswa kuunganishwa nalo ili aifikie. Na mteja akipiga simu kusema ukurasa haufunguki, mwulizeni kwanza lango lake ni lipi kabla ya kumwambia abonyeze kitufe cha kufuta kila kitu.