HEIC: picha ndogo inayokataliwa mlangoni

Mei 2020, korona ikiwa imefunga shule nchini Marekani, wanafunzi walifanya mitihani ya AP wakiwa nyumbani. Wengi waliandika majibu kwenye karatasi, wakaipiga picha kwa simu, kisha wakaipakia kwenye tovuti ya mtihani. Kwa picha, tovuti ilipokea JPEG na PNG tu. Baadhi ya wenye iPhone waliohamishia picha kwenye kompyuta walijikuta na faili za HEIC, na muda ukawaishia mikononi. Kuanzia Mei 18, College Board, inayosimamia mitihani hiyo, iliruhusu waliokwama kutuma majibu kwa barua pepe. Waliokwama wiki ya kwanza walibaki na njia ya kurudia mtihani Juni, jambo ambalo kwangu halikuwa haki.

Chanzo cha tatizo hilo ni cha miaka ya nyuma. JPEG ni kiwango cha mwaka 1992, na karibu kila programu inakisoma. Mwaka 2015 kundi la MPEG lilikamilisha HEIF, na Septemba 2017 Apple ikaiingiza katika iOS 11, kuanzia iPhone 7. Ndani yake picha hubanwa kwa HEVC, mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya video, na faili hiyo, ndiyo HEIC, huwa takriban nusu ya ukubwa wa JPEG. Lakini HEVC imefungwa na hataza za kampuni nyingi, na leseni zake hudaiwa na zaidi ya kundi moja. Ndiyo maana vivinjari kadhaa vikubwa havikuipokea, na baadhi ya programu za gumzo zinazofunguliwa ndani yake huikataa picha ya HEIC.

Wengi hukimbilia kubadilisha jina, `karatasi.heic` iwe `karatasi.jpg`. Hapo kilichobadilika ni jina tu. Ukiifungua faili hiyo kwa programu ya maandishi, karibu na mwanzo utakuta herufi `ftypheic`, na gumzo litaikataa tena au litaonyesha picha tupu.

Kwenye iPhone, nakili picha kutoka Photos uibandike kwenye Files. Ikiwa bado ni HEIC, ibonyeze kwa muda, chagua Quick Actions, kisha Convert Image, kisha JPEG. Kwenye Mac, amri moja inatosha:

```
sips -s format jpeg karatasi.heic --out karatasi.jpg
```

Anayetaka kuepuka kazi hii kabisa aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Mpangilio huo hugusa picha zitakazopigwa baadaye tu. Za zamani hubaki HEIC. Hifadhi ile ya asili pia, kwa sababu kubadilisha hupoteza ubora kidogo, na JPEG inayotoka huwa kubwa zaidi, hivyo huenda ikagonga kikomo cha ukubwa cha gumzo lenyewe. Ikigonga, punguza vipimo vya picha kabla ya kuituma.