Picha za Diani Zimetoka na Mabega Mekundu na Mistari ya Vesti? Hivi Ndivyo Utazituliza Bila Kumgeuza Mtu Rangi

Mbogi imerudi ocha Butere baada ya wiki moja Diani, na sasa mnapitia picha kwa simu. Hapo ndipo ngori inaanza. Cuzo mmoja laitskin mabega yameiva kama nyanya. Dem aliyevaa vesti siku mbili za kwanza, halafu akabadilisha na nguo ya mabega wazi, ana mikanda miwili iliyopauka kutoka shingoni hadi kifuani. Msee mwingine uso umekolea kuliko shingo. Na hiyo picha ndiyo Kukhu anataka itolewe kubwa awekewe ukutani.

Wasee wengi hukimbilia filta ya urembo. Unabonyeza mara moja, wekundu unaisha, lakini wote watano wanatoka na sura moja ya unga, na yule mweusi zaidi anakuwa mtu ambaye Kukhu hamjui. Hiyo si kazi. Wekundu na mistari ni shida mbili tofauti, kila moja inatibiwa pale ilipo tu, na ngozi ya mtu inabaki yake. Hapa tunatumia Snapseed kwa sababu ni ya bure na hata simu ya kawaida inaibeba. Kwa toleo jipya, majina ya vifaa na mahali vilipo yanaweza kuwa tofauti.

Kwanza jua ni nini unaona

Butere iko karibu sana na ikweta, na jua lake si la mchezo. Muulize mtu wa boda: mikono imekolea hadi pale shati linaanzia. Lakini ocha unavaa nguo. Diani unatembea mabega wazi, na ule mchanga mweupe unakurudishia jua kutoka chini, ndiyo maana hata chini ya kidevu panaungua ukiwa umevaa kofia.

Kwa ngozi ya brown au laitskin, kuungua kunatokea kama wekundu kwa pua, mashavu na juu ya mabega. Kwa ngozi nyeusi, kuungua kupo, lakini mara nyingi huoni pinki. Unaona ngozi imekolea, wakati mwingine na kama zambarau kwa mbali. Kwa hivyo usianze kutoa wekundu kwa mtu ambaye hana wekundu. Yeye shida yake ni utofauti wa giza na mwanga, na hiyo tutafika.

Kabla ya kugusa ngozi yoyote, tafuta kitu cheupe kwenye picha: tishati, kikombe, povu la mawimbi. Kama hicho cheupe nacho kimekuwa pinki au chungwa, basi shida ni mwanga wa picha nzima. Labda mlikuwa chini ya mwavuli mwekundu, ama jua lilikuwa linazama. Ingia Tools, chagua White Balance, rekebisha mpaka cheupe kiwe cheupe. Mara nyingi nusu ya "kuungua" inaisha hapo. Lakini picha ya machweo usiisafishe kabisa. Machweo ni ya chungwa, acha yabaki chungwa.

Kutoa wekundu kwa mabega ya cuzo

Kosa la kawaida ni kupunguza Saturation pekee. Ukifanya hivyo, wekundu unageuka kijivu na bega linakaa kama la mtu mgonjwa. Rangi haijazidi tu, imeegemea upande wa pinki. Unachotaka ni kuisukuma irudi kwa brown.

Fungua White Balance tena, sasa kama hatua mpya. Chagua Tint na uivute kuelekea kijani. Usiangalie picha nzima, itakaa mbaya na ni sawa. Angalia bega pekee. Kwa picha ya cuzo tulihitaji kama hatua 15 hivi, pale wekundu ulipoanza kuwa brown. Ukizidisha, bega linakuwa la rangi ya ndizi mbichi.

Kubali hiyo hatua, halafu bonyeza alama ya matabaka hapo juu na uchague View edits. Gusa White Balance ya mwisho kwenye orodha, kisha alama ya brashi. Sasa ile kazi yote inatoka kwenye picha, na unairudisha kwa kidole, pale unapotaka tu. Brashi ina nguvu unazochagua: 25, 50, 75 na 100. Anza na 50 kwa mabega na 25 kwa mashavu na pua. Ukivuta picha karibu, brashi inashika sehemu ndogo zaidi, kwa hivyo karibu na kingo vuta karibu sana. Ukipaka nje ya mstari, weka nguvu iwe 0 na upake juu, itafutika.

Ruka midomo. Ukiipaka inakuwa ya maiti. Ruka pia masikio kama jua lilikuwa nyuma yake, kwa sababu sikio likipitishwa mwanga huwa jekundu kwa kila mtu, hata asiyeungua.

Utajuaje imetosha? Tafuta sehemu yake ambayo haikuona jua, kama upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko. Huo ndio ushahidi wa rangi yake halisi. Bega halihitaji kufanana nao kabisa, maana alikuwa baharini, lakini liwe la familia moja nao. Acha wekundu kidogo kwa pua. Mtu aliyetoka Diani bila dalili yoyote ya jua anakaa kama amebandikwa pale.

Kama kwenye picha kuna mwenye ualbino, hiyo hatua ya sehemu isiyopigwa na jua ni muhimu zaidi. Upinki mwepesi ni ngozi yake, si kuungua. Unatoa tu ule ulioongezeka, na madoadoa yake unayaacha. Na mkiona kidonda cha jua ambacho kimekataa kupona, hicho si cha Snapseed, ni cha hospitali.

Mistari ya vesti

Hapa watu wengi wanaenda kinyume. Wanaona ukanda uliopauka na ngozi iliyokolea, halafu wanang'arisha ile iliyokolea ilingane na ukanda. Unajikuta umemng'arisha dem mzima: mabega, kifua, mikono, halafu uso unabaki nyuma, unaukimbiza nao. Mwisho umefanya mkorogo wa simu. Ukanda ni eneo dogo. Ukolee ukanda.

Fungua Tune Image. Punguza Brightness, lakini usiishie hapo, kwa sababu ngozi iliyofunikwa haikosi giza pekee, inakosa pia joto la rangi. Ukiipunguzia mwanga tu, inakuwa kama jivu. Ongeza Warmth kidogo na Saturation kidogo. Kwa huyu dem tulitumia Brightness -20, Warmth +10 na Saturation +8. Picha yako itataka namba zake, lakini mpangilio ndio huo: giza kwanza, halafu joto, halafu rangi kwa mbali.

Kisha rudi View edits, chukua brashi ya hiyo Tune Image, na upake ndani ya ukanda peke yake kwa 50. Katikati ya ukanda rudia kwa 75. Kingo ziache kwa 25, kwa sababu mstari wa jua huwa haukatiki kama wembe, hufifia. Ukipaka hadi ukingoni kwa nguvu zote, unapata mstari mpya mweusi kando ya ule wa zamani, na huo ndio unaowauza wasee wengi. Ukiuona, futa ukingo kwa 0 na uanze tena kwa 25.

Usitumie Healing kwa mstari. Ile kazi yake ni kunakili ngozi ya jirani, na jirani wa mstari ni mstari. Itauburuta tu na kuacha bega laini kama plastiki. Healing ni ya vipande vidogo vya ngozi inayobambuka: vuta karibu, gusa kimoja kimoja, basi.

Uso uliokolea kuliko shingo unafuata njia hiyo hiyo, ila hapa mkutanishe katikati. Kolea shingo kidogo kwa brashi ya 25, na uongeze mwanga kidogo kwa paji la uso na mashavu kwa kifaa cha Brush, kwenye Dodge & Burn, kwa +5. Mpito wa kidevu ndio wa kuchunga. Chini ya kidevu huwa na kivuli cha kawaida. Ukikifuta, kichwa kinakaa kama kimeazimwa.

Kuna kitu hutaweza. Kama bega limepigwa na jua mpaka kwenye picha limekuwa doa jeupe linalong'aa bila alama yoyote ya ngozi, hakuna rangi ya kurudisha pale. Ukilipunguzia mwanga linakuwa kijivu. Liache, ama ukate picha, ama utafute nyingine ya dakika hiyo hiyo.

Kabla ya kumpelekea Kukhu

Zima ile modi ya usiku inayogeuza skrini njano, la sivyo umerekebisha rangi ambayo haipo. Pumzisha macho dakika kumi, kwa sababu ukikodolea ngozi sana macho yanazoea na unaanza kuona ubaya kuwa uzuri. Kisha shikilia kidole kwa picha uone ile ya kwanza, uachilie, urudie. Angalia meno, weupe wa macho na nguo nyeupe. Kama meno yamekuwa kijani, brashi iliteleza. Halafu muonyeshe mwenye bega kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna wale wanataka mstari wao wa vesti ubaki, ndio ushahidi kwamba walienda.

Chagua Export ili upate nakala na ile ya kwanza ibaki salama. Ukimtumia mtu wa studio kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, kwa sababu ikibanwa, ile mipito laini ya ngozi inakatika vipande vipande na mistari inarudi. Na karatasi haitoi mwanga kama skrini, kwa hivyo ngozi nyeusi hutoka imekolea zaidi ikichapishwa. Toa moja ndogo kwanza, itoe nje uione kwa mwanga wa mchana. Kama nyuso zimezama, ongeza Shadows kidogo kwa picha nzima, si kwa mtu mmoja, ndipo ulipie ile kubwa.