Gharama hubebeshwa, hazisharabiwi

Kamati moja ya istilahi za biashara imetuletea "ugharimishaji sharabu" na "ugharimishaji pembezo", na tayari nimeyaona maneno hayo katika kijitabu cha wanafunzi wa uhasibu. Niliandika kupinga. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba istilahi zimeshapitishwa. Kupitishwa si hoja, kwa hiyo natoa hoja zangu hapa: njia hizo mbili za kukokotoa gharama ziitwe hesabu ya kubebesha na hesabu ya nyongeza.

Sharabu ni neno zuri mahali pake. Limetoka katika Kiarabu, shina lile lile la kunywa lililotupa sharubati, na kwetu hutumika kwa udongo au kitambaa kinachonyonya maji. Waliolichagua walifuata Kiingereza, ambacho nacho kilifuata kitenzi cha Kilatini cha kumeza. Lakini kinachosharabu hufanya hivyo chenyewe, na maji yakishasharabiwa hayaonekani tena. Kodi ya jengo la kiwanda haiingii ndani ya sabuni kwa njia hiyo. Yupo mhasibu anayeigawa na kuipachika juu ya kila mche. Kiswahili kina kauli ya kutendesha kwa kazi hiyo hasa: beba, bebesha. Kauli hiyo inamdokeza mtendaji, na inatukumbusha kwamba mzigo haujapotea, upo juu ya aliyebebeshwa.

Chukua kiwanda kidogo cha sabuni za miche, mfano wa kubuni. Mafuta, kostiki na karatasi ya kufungia hugharimu shilingi 1,000 kwa mche. Kodi ya jengo, mlinzi na msimamizi wa uzalishaji ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi, itengenezwe miche mingi au michache. Mche huuzwa shilingi 2,000. Mwezi wa kwanza inatengenezwa miche 10,000, ambayo ndiyo kawaida ya kiwanda, na inauzwa 8,000.

Kwa hesabu ya nyongeza, kila mche uliouzwa unachangia shilingi 1,000, jumla 8,000,000. Ukitoa 6,000,000 zote za mwezi, faida ni 2,000,000. Kwa hesabu ya kubebesha, zile 6,000,000 hugawanywa kwa miche 10,000, na kila mche unabeba 600. Gharama ya mche inakuwa 1,600, faida yake 400, na faida ya mwezi 3,200,000. Tofauti ni 1,200,000. Ukiitafuta utaikuta ghalani: miche 2,000 ambayo haijauzwa, kila mmoja na 600 zake mgongoni. Kodi ya mwezi huu imehesabiwa kuwa mali, inasubiri mnunuzi.

Mwezi wa pili inatengenezwa tena 10,000, lakini inauzwa 12,000. Sasa hesabu ya nyongeza inaonyesha 6,000,000, na ya kubebesha 4,800,000, kwa sababu miche ya ghalani imetoka na mzigo wake wa zamani. Kwa miezi miwili pamoja, zote mbili zinatoa 8,000,000. Mwaka 1936 Mmarekani Jonathan Harris aliandika makala mashuhuri juu ya fumbo jingine la kubebesha: mauzo kupanda huku faida ikishuka.

Hatari iko hapa. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida anaweza, mwezi ule wa kwanza, kutengeneza miche 12,000 na kuuza 8,000 ile ile. Mzigo wa kila mche unashuka hadi 500, na faida ya kubebesha inapanda hadi 4,000,000 bila mteja mmoja kuongezeka. Utamgundua ukizidisha ongezeko la ghala kwa mzigo wa mche: 4,000 kwa 500 ni 2,000,000, na ndiyo ziada yote juu ya faida ya hesabu ya nyongeza.

Kuhusu "pembezo", neno hilo linatupeleka kwenye pembe na kingo, kana kwamba gharama hizi zimekaa kando ya kitu. Swali la mhasibu ni jingine: nikitengeneza mche mmoja zaidi, nini kinaongezeka? Mafuta yanaongezeka. Kodi haiongezeki. Basi ni nyongeza, neno analolijua kila muuza duka. Mpinzani wangu mmoja anasema nyongeza ni neno la kawaida mno kwa taaluma, na mimi nasema hiyo ndiyo sifa yake.

Katika matumizi, kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinataka taarifa za nje zifuate kubebesha, kwa kiwango cha kawaida cha uzalishaji ili kiwanda kilicholala kisirundike gharama ghalani. Nyongeza ni ya maamuzi ya ndani. Gharama za kuuza na za utawala hazibebeshwi bidhaa kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.

Walimu wa uhasibu, msingoje toleo jipya la kijitabu. Andikeni kubebesha na nyongeza ubaoni, kisha mwulizeni mwanafunzi zile 1,200,000 ziko wapi.