Dirisha la Anwani na Skrini Nyeusi

Kwenye bayosi ya kompyuta za miaka ya karibuni kuna vipengele viwili vinavyokaa jirani: `Above 4G Decoding` na `Re-Size BAR Support`. Cha kwanza wengi watakimbilia kukiita "kusimbua", kana kwamba kuna fumbo. Hakuna. Kinachofanyika ni kifaa kutambua anwani yake, kwa hiyo nasema "utambuzi wa anwani zilizo juu ya gigabaiti 4". Cha pili ni "dirisha la anwani linalopanuka".

Dirisha hilo ni eneo la anwani za prosesa lililotengewa kadi ya michoro: kinachoandikwa humo huingia kwenye kumbukumbu ya kadi. Kwa muda mrefu lilikuwa la megabaiti 256 tu, hata kadi iwe na gigabaiti 8. Anwani za biti 32 huishia gigabaiti 4, na vifaa vingine navyo vinagombea nafasi humo. Dirisha kubwa halina budi kuhamia juu ya mpaka huo, ndiyo maana kipengele cha pili hakifanyi kazi bila cha kwanza.

Sasa mtu ana bodi mama ya B450, diski yake iligawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na amefunga RTX 3060 ya gigabaiti 12. Picha inatoka vizuri. Anawasha vipengele vyote viwili, anahifadhi, na feni zinazunguka huku skrini ikiwa nyeusi. Wa kushukiwa kwanza ni `CSM`, hali ya kuiga bayosi ya kale, ambayo haipatani na mpangilio huu. Bodi nyingine huizima yenyewe. Hapo picha inarudi lakini Windows haiwaki, kwa sababu ya ile MBR.

Chomoa umeme, kisha futa mipangilio kwa pini za `CLRTC` au `JBAT1`, au toa betri ya bodi kwa dakika chache. Picha ikirudi, weka nakala ya mafaili na ugeuze diski iwe ya GPT ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Amri ya pili usiiguse kama ya kwanza imekataa:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Ndipo uzime `CSM` peke yake na uwashe upya. Kompyuta ikiwaka salama, washa hivyo viwili.

Kwenye Linux, `lspci -vv` huonyesha `[size=256M]` dirisha likiwa dogo, na `[size=16G]` likipanuka. Ni 16 kwa kadi ya 12 kwa sababu ukubwa wa dirisha hupanda kwa kuzidishwa mara mbili.

Michezo ikianza kukwama baada ya hapo, zima upanuzi wa dirisha tu na uache utambuzi wa anwani ukiwa umewashwa. Kukwama kukikoma, tafuta toleo jipya la bayosi au la draiva.