Shaba Njano Baharini: Historia ya Mchujuko wa Zinki

Neno shaba katika Kiswahili hubeba mzigo wa madini matatu. Waya wa umeme, sinia ya kahawa na kengele ya kanisa vyote husemwa kuwa ni vya shaba, ingawa waya ni shaba tupu, sinia kwa kawaida ni shaba iliyotiwa zinki, na kengele ni shaba iliyotiwa bati. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo shabah halikuwa jina la shaba tupu, ambayo Waarabu huiita nuhas, bali lilikuwa jina la ile iliyotiwa zinki. Wanakamusi wao walilihusisha na maana ya kufanana, kwa kuwa madini hayo hufanana na dhahabu. Kiswahili kililipokea neno kikaipanua maana yake, hata jimbo la Katanga lilipoitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997, iliyokusudiwa ilikuwa ile nyekundu ichimbwayo migodini. Bati nalo limehama kwao: mabati tunayoezekea nyumba si bati, bali ni chuma kilichopakwa zinki.

Kwa kuwa insha hii yahusu tofauti za madini hayo, hapana budi kuyatenga. Shaba tupu itaitwa shaba nyekundu. Iliyotiwa zinki itaitwa shaba njano. Na iliyotiwa bati itaitwa shaba ya bati.

Shaba nyekundu ni laini. Ikitiwa bati kiasi cha sehemu kumi katika mia, huwa ngumu na yenye nguvu, na wekundu wake huelekea rangi ya dhahabu iliyofifia. Bati likizidi, rangi huendelea kupauka na madini huwa magumu lakini mepesi kuvunjika. Kengele, ambazo huwa na bati la sehemu ishirini na zaidi kidogo, hulia vizuri kwa sababu ya ugumu huo, na hupasuka zikigongwa vibaya kwa sababu hiyo hiyo. Zinki hutenda kwa upole zaidi. Sehemu kumi za zinki huleta rangi ya dhahabu yenye wekundu, na sehemu thelathini huleta umanjano kamili, nayo shaba hukaza bila kupoteza wepesi wa kukunjika. Yafaa ikumbukwe kwamba shaba njano yenye zinki kidogo na shaba ya bati zaweza kufanana hata jicho lisizitambue. Ndiyo maana siwa maarufu ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba, imeandikwa na wataalamu mara kuwa ni ya zinki, mara kuwa ni ya bati. Rangi ni shahidi dhaifu.

Kwa muda mrefu zinki haikuweza kutiwa kwa wingi. Zinki huchemka katika nyuzi 907 za Selsiasi, na shaba huyeyuka katika nyuzi 1085. Mhunzi aliyetaka kuziyeyusha pamoja angeiona zinki ikitoroka kama moshi. Wahunzi wa kale waliweka vipande vya shaba chunguni pamoja na makaa na mawe yenye zinki, wakafunika, wakachochea moto, na mvuke wa zinki ukapenya ndani ya shaba. Kwa njia hiyo ilikuwa vigumu kupita sehemu thelathini hivi. Zawar, huko Rajasthani, Wahindi waliivukiza na kuitonesha zinki tupu karne nyingi kabla ya Wazungu, na Uingereza William Champion alipata hataza ya kazi hiyo mnamo 1738. Tangu hapo zinki ilipatikana ikiwa madini kamili, na kiasi chake kikawa hiari ya mhunzi. Hapo ndipo penye mzizi wa mkasa huu.

Maadui wa merikebu ya mbao ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, pamoja na chaza na mwani wanaoshika tumboni mwa chombo na kukipunguzia mwendo. Mabaharia wa pwani yetu walijikinga kwa kupaka jahazi chokaa iliyochanganywa na shahamu, tena na tena. Waingereza walijaribu kuivika merikebu ya kivita Alarm mabamba ya shaba nyekundu mnamo 1761. Shaba ilifaa, kwa kuwa chumvi zake zitokazo taratibu huwasumbua viumbe hao, lakini ilikuwa ghali.

Mnamo 1832 George Frederick Muntz wa Birmingham alipata hataza ya mabamba yenye shaba sehemu sitini na zinki sehemu arubaini. Uteuzi wa kiasi hicho ulikuwa na busara. Zinki ikipita sehemu thelathini na saba au thelathini na tisa, shaba haiwezi tena kuimeza yote katika umbo moja; huzuka chembe za aina ya pili, zenye zinki nyingi zaidi, zikikaa kando ya chembe za kwanza. Chembe hizo za pili ni ngumu zikiwa baridi, ila zikipashwa moto huwa laini mno, hivyo bamba laweza kubanwa mashinani likiwa jekundu kwa moto. Kwa hiyo madini ya Muntz yalikuwa rahisi kutengenezwa, yenye nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya shaba nyekundu iliyolainishwa, na yenye bei nafuu kwa kuwa karibu nusu yake ilikuwa zinki. Merikebu mashuhuri Cutty Sark, iliyoshushwa majini 1869, ilivikwa mabamba hayo, na mbao zake zilishikwa kwenye mbavu za chuma kwa bolti za madini hayo hayo.

Kwa bamba, kuliwa polepole na bahari haikuwa hasara. Ilikuwa ndiyo kazi yake, na likichakaa hubanduliwa likawekwa jingine. Kwa bolti ni jambo tofauti kabisa, maana bolti hubeba mzigo, nayo haionekani.

Mnamo 1866 wanakemia Calvert na Johnson waliandika juu ya shaba njano inayopoteza zinki na kubakiza shaba. Kiswahili hakina istilahi iliyozoeleka ya jambo hilo. Mchujuko wa zinki ni jina lifaalo, kwa sababu kitenzi kuchujuka chaeleza rangi inayopotea, nacho kina ukoo na kuchuja. Na kwa kweli haya mawili hutokea pamoja. Maji ya chumvi huyeyusha uso wa shaba njano. Zinki hubaki majini ikaenda zake, lakini shaba, ambayo haipendi kukaa majini kama zinki ipendavyo, hurudi na kujibandika palepale ilipotoka, ikiwa sifongo isiyo na mshikamano. Katika madini ya Muntz chembe za aina ya pili ndizo zinazoliwa kwanza, na kwa kuwa zimeungana kama vichochoro vya mtaa, maradhi hupata njia ya kupenya hadi kiini.

Hila ya maradhi haya ni kwamba kitu hakibadiliki umbo wala ukubwa. Chukua bolti ya madini ya Muntz yenye uzito wa gramu 1000. Ndani yake mna gramu 600 za shaba na gramu 400 za zinki, na ujazo wake ni kama sentimeta za ujazo 119. Zinki yote ikitoka, gramu 600 za shaba zilizobaki, kama zingekuwa shaba iliyoshikamana, zingejaza sentimeta 67 tu. Lakini bolti ingali na ujazo wa 119. Hizo 52 zilizosalia ni matundu, yaani zaidi ya mbili kwa tano ya bolti ni utupu. Kipimo cha fundi hakitaona upungufu wowote, na hesi zake zitakuwa kamili. Nyundo moja yatosha kuivunja.

Zipo dalili kwa anayejua kuzitafuta. Umanjano hugeuka kuwa wekundu wa waridi, wakati mwingine uso mzima, wakati mwingine madoa ambayo chini yake kuna mizizi mirefu, na hayo madoa ndiyo mabaya zaidi kwa kuwa hutoboa upande wa pili. Penye maji matamu huonekana pia unga mweupe wa zinki ulioganda. Kitu kikikwanguliwa kwa kisu hadi chini ya kutu, umanjano ukitokea upesi, kingali kizima. Wekundu ukiendelea kwenda ndani, kimekwisha. Maji yaliyotuama, yenye joto na chumvi, huharakisha mambo.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa bati. Sehemu moja tu katika mia, iliyochukua nafasi ya zinki, ilitiwa katika shaba njano ya jeshi la wanamaji wa Uingereza: sabini za shaba, ishirini na tisa za zinki, moja ya bati. Ilitumiwa hasa katika mirija ya mtambo unaogeuza mvuke wa injini kuwa maji tena kwa kupozwa na maji ya bahari. Tundu dogo katika mrija mmoja lilitosha kuingiza chumvi katika birika la injini na kuitia meli hatarini. Bati lilipunguza mchujuko bila kuukomesha.

Aliyeukomesha ni Bengough, pamoja na mwenziwe May, katika uchunguzi waliouchapisha 1924 kwa niaba ya kamati ya Taasisi ya Madini ya Uingereza. Walionyesha kwamba aseniki, ile sumu mashuhuri, ikitiwa kiasi cha sehemu mbili hadi nne katika elfu kumi, huizuia shaba kurudi na kujibandika, na mchujuko husimama. Ni ajabu kwamba punje ndogo hivyo ishinde kazi iliyoushinda mchango mkubwa wa bati. Lakini mpaka wake lazima utajwe: aseniki hulinda chembe za aina ya kwanza tu. Madini ya Muntz, yenye chembe za pili, hayaponi kwayo.

Ugumu huo ulizungukwa baadaye katika karne ya ishirini, kwa ajili ya vifaa vya mabomba ya maji. Zinki ilipunguzwa hadi sehemu thelathini na sita hivi, aseniki ikatiwa, na kifaa kikafuliwa kingali na chembe za pili zinazokifanya kiwe laini motoni. Kisha kilipashwa moto upya katika nyuzi 500 hadi 550 kwa saa kadhaa, hata chembe za pili zikamezwa na za kwanza, ambazo aseniki yaweza kuzilinda. Moto huo wa mwisho ukirukwa, kifaa hakitofautiani kwa sura na kilichopikwa sawasawa.

Shaba ya bati haikuhitaji hayo yote. Ikiliwa na bahari, bati lake haliendi na maji kama zinki. Hugeuka kuwa kutu ngumu isiyoyeyuka na kubaki mahali pake, likiufunika uso. Merikebu Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth mnamo 1545, na mizinga yake ya shaba ya bati, iliyoanza kuopolewa 1836 na ndugu wawili wa ukoo wa Deane, ilitoka na maandishi yakingali yanasomeka. Hata hivyo, bei ya bati imekuwa juu ya bei ya zinki nyakati zote hizo, na ndiyo sababu bolti nyingi za karne ya kumi na tisa hazikusubiwa kwa shaba ya mizinga.