Ganzi ya Pande Mbili: Mgonjwa wa Daktari Wallenberg

Mwaka 1889, katika mji wa Danzig ambao leo ni Gdansk nchini Polandi, mwanamume wa miaka 38 alishikwa na kizunguzungu cha ghafla. Uso wake ulikuwa na ganzi upande wa kushoto, lakini kuanzia shingoni kwenda chini ni upande wa kulia uliokuwa hausikii maumivu wala joto. Sauti ilikwaruza, kumeza kulimshinda, na akisimama aliyumbia kushoto. Nguvu za mikono na miguu zilibaki.

Daktari wake, Adolf Wallenberg, hakuwa na picha ya ubongo. Alikuwa na ramani ya neva za kichwa. Galeni wa kale alihesabu jozi saba. Mwaka 1778 Mjerumani Samuel Sömmerring akazipanga kuwa 12, kutoka mbele kwenda nyuma. Mpangilio huo ndio unaomsaidia daktari: ya 3 na ya 4, zinazosogeza macho, hutoka sehemu ya juu ya shina la ubongo, ya 5 hadi ya 8 hutoka katikati, kwenye ponsi, ya 9 hadi ya 12, za kumeza, sauti na ulimi, hutoka chini, kwenye medula.

Tuanze na ganzi yenyewe. Nyuzi za maumivu kutoka mwilini huvuka upande wa pili mara tu ziingiapo uti wa mgongo. Za usoni huteremka kwanza upande wao ndani ya shina. Kwa hiyo jeraha moja linaweza kuzishika zote mbili katika shina la ubongo tu, na ni upande wa uso ulioathirika: kushoto.

Je, ni kimo gani? Hapa wanafunzi wengi huteleza. Neva ya uso yenye ganzi ni ya 5, basi husema ponsi. Lakini njia yake ya maumivu hushuka hadi shingoni, hivyo ganzi peke yake haitoshi kuonyesha kimo. Sauti na kumeza, kazi za neva ya 9 na ya 10, ndizo zinazotuteremsha hadi medula.

Linabaki swali la kati au pembeni. Nyuzi za nguvu na neva ya ulimi hukaa karibu na mstari wa kati. Kama zingeguswa, mkono na mguu wa kulia vingelegea, na ulimi ukitolewa ungepinda kushoto. Nguvu zilikuwapo, jeraha lilikuwa pembeni.

Mwaka 1895 Wallenberg alichapisha hoja yake: mshipa wa damu wa kushoto unaolisha pembe hiyo ya medula na ubongo mdogo umeziba. Mgonjwa alipofariki, uchunguzi wa maiti, uliochapishwa 1901, ulimthibitishia. Baadaye ilijulikana kwamba mara nyingi kizuizi huwa kwenye ateri kubwa ya shingo inayozaa mshipa huo. Na MRI ya siku ya kwanza huweza kuonekana safi ilhali kiharusi kipo, kwa hiyo madaktari bado humwambia mgonjwa atoe ulimi.